Broka kauza hisa zako bila oda? Barua iandikwe hivi

Wanangu wa Mbeya na Iringa mnaocheza na hisa, steitimenti ikija ina mauzo usiyoyajua usiandike "naomba maelezo", utajibiwa maneno matupu. Tuseme hisa 400 zimeuzwa tarehe 12 halafu chini kuna makato ya 35,000 yameandikwa "huduma" basi. Hayo ni madai mawili, kila moja lipe aya yake, maana wakirudisha ile elfu 35 watajifanya wamemaliza yote.

La mauzo: taja tarehe, idadi, bei, sema wazi sikutoa oda hii wala sikumtuma mtu, nataka kuona oda yenyewe, iwe fomu niliyosaini, imeili au simu iliyorekodiwa, na kama haipo mnirudishie hisa zangu. Hela ya hayo mauzo usiiguse kabisa, ukiitoa watasema uliridhia.

La makato: waulize ni kipengele gani cha mkataba kinaruhusu.

Wape siku za kujibu, tuma kwa imeili, na kopi ya karatasi ikienda Dar kwa basi, mtu wako aliyeko huko aigongeshe muhuri wa kupokelewa kwa broka. Wakikaa kimya, peleka malalamiko CMSA, mamlaka inayosimamia masoko ya hisa, pamoja na hiyo kopi.