Somo: Nani anajua uzito wa lumbesa? Nadharia ya msimamo, hatua kwa hatua

Wiki hii tunachambua nadharia ya msimamo, hoja inayosema kwamba watu wanaokandamizwa wanaweza kuyajua baadhi ya mambo ya jamii vizuri kuliko wale wanaowakandamiza. Nitaifanyia kazi kwa gunia la viazi, kwa sababu wengi wetu tumekulia Njombe, Umalila, Isongole au Makete na tunaijua lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha likaongezewa kichwa kinachoshikiliwa kwa wavu na kamba. Gunia lina jambo moja zuri kwa somo hili. Ubishi ukizidi, tunaweza kulipandisha kwenye mizani.

Hatua ya 1: Itamke hoja kama ilivyo

Wengi wanaoipinga nadharia hii hupinga kitu ambacho haisemi, kwa hiyo tuanze polepole.

Mzizi wake ni mrefu. Mwaka 1807 Hegel, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika kuhusu bwana na mtumwa, akaonyesha kwamba mtumwa, kwa kuwa ndiye anayeshika kazi kwa mikono yake, hufikia ufahamu ambao bwana anayehudumiwa tu haufikii. Marx na baadaye Lukács, mwanafalsafa wa Hungaria, mwaka 1923, wakaielekeza fikra hiyo kwa wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1983 Nancy Hartsock, mwanazuoni wa siasa wa Marekani, akaipeleka kwenye kazi za wanawake. Mwaka 1986 Patricia Hill Collins akaandika juu ya wanawake weusi wa Marekani waliofanya kazi za ndani kwa wazungu. Walikuwa ndani ya nyumba lakini hawakuwa wa nyumba, na kwa sababu hiyo waliona yasiyosemwa mezani. Binti aliyetoka Iringa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa jambo hili. Yeye lazima ajue hasira ya mama mwenye nyumba inaanzia wapi, ilhali mama mwenye nyumba anaweza kukaa naye miaka bila kulijua jina la kijiji chake.

Sasa hoja yenyewe. Kwanza, nafasi ya mtu katika jamii huathiri anachoweza kukiona. Pili, katika mambo yanayohusu ukandamizaji wenyewe, nafasi ya chini inaweza kumpa mtu faida ya maarifa. Tatu, faida hiyo haiji yenyewe kwa kuzaliwa maskini au mwanamke. Nafasi unapewa na maisha, lakini msimamo unajengwa, kwa kulinganisha uzoefu na wenzako na kuutafutia chanzo. Shikeni neno “inaweza”. Hakuna mwananadharia makini anayesema kila mnyonge anajua kila kitu.

Hatua ya 2: Chagua swali moja

Faida ya maarifa ni ya jambo fulani. Mkulima hapati ujuzi wa ugonjwa wa baka kwenye majani ya viazi kwa sababu anaonewa sokoni, kwa hilo atamhitaji bwana shamba. Swali letu liwe hili: gunia moja lina viazi kiasi gani, na tofauti inakwenda kwa nani?

Hatua ya 3: Lizunguke gunia, mtu mmoja mmoja

Kwa kila mtu aliyepo shambani siku ya kufungasha, jiulize analazimika kujua nini ili siku yake iende.

Mnunuzi analazimika kujua bei ya Dar es Salaam na gharama ya lori. Mahali ambapo usafiri na ushuru vinahesabiwa kwa gunia, anajua pia kwamba gunia kubwa linampunguzia vyote viwili. Lakini halazimiki kujua gunia limemezaje mazao ya mwenzake. Kwake ni gunia moja.

Kuli anayepakia analipwa kwa gunia. Mgongo wake unaijua lumbesa kabla ya mizani, na ukimpa magunia mawili atakwambia lipi limezidi.

Mwanamke aliyevuna na kujaza ndiye ninayetaka tukae naye. Yeye anahesabu kwa debe, kwa sababu debe ndilo analobeba kutoka kwenye tuta hadi gunia lilipo. Tuseme gunia la kawaida analijaza kwa debe 6, na leo amemimina debe 8. Bei ni shilingi 60,000 kwa gunia. Kwa debe 6, kila debe lingemlipa shilingi 10,000. Kwa debe 8 linamlipa 7,500. Akifungasha magunia 30, debe 60 zimeondoka bila bei, nazo ni sawa na magunia 10 ya kawaida, yaani shilingi 600,000.

Sasa mlete mtafiti mwenye dodoso linalouliza, “Umeuza magunia mangapi, kwa bei gani?” Mkulima atajibu kwa ukweli mtupu: 30, kwa 60,000. Takwimu zitakuwa safi, hakuna aliyedanganya, na debe 60 hazitaonekana popote. Dodoso limerithi kipimo cha mnunuzi. Ukianzia kwa mwanamke mwenye debe, unapata swali ambalo halikuwemo: gunia moja ni debe ngapi?

Kwangu hapa ndipo nguvu ya nadharia ilipo. Faida kubwa ya aliye chini iko kwenye maswali kuliko kwenye majibu. Sandra Harding, mwanafalsafa wa Marekani, alisisitiza jambo hilihili: utafiti uanzie kwenye maisha ya waliosukumwa pembeni, na mtafiti naye achunguzwe pamoja na vipimo vyake. Aliona kwamba kwa njia hiyo ukweli unalindwa zaidi kuliko mtafiti akijifanya hana mahali aliposimama.

Hatua ya 4: Tafuta kama nafasi imekuwa msimamo

Mkulima mmoja mmoja anaweza kusema, “Ndivyo biashara ilivyo, tangu baba.” Huyo ana nafasi lakini bado hana msimamo. Msimamo huanza wakulima wanapolinganisha: wewe debe 8, mimi 8, yule wa ng’ambo ya bonde 9, na kuli anasema wote tumezidi. Hapo lawama ya “sijui kujadili bei” inageuka kuwa maelezo ya namna soko lilivyopangwa.

Hatua ya 5: Pima

Sheria yetu ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Weka mizani, pima magunia kadhaa, linganisha na hesabu ya debe. Ikiwa debe 8 zinatoka karibu kilo 133, mama alikuwa sahihi. Zikitoka kilo 100, debe lake lilikuwa halijai au alihesabu vibaya, na dhuluma aliyoihisi haikutokea kwenye gunia hilo. Msimamo unakuelekeza pa kuweka mizani, na mizani inabaki na haki ya kumkatalia.

Hatua ya 6: Usikimbie ukosoaji

La kwanza, hoja inajikata? Ikiwa kila maarifa yana mahali yaliposimama, nani amesimama wapi hata aseme nafasi hii ni bora kuliko ile? Mwanafalsafa Louise Antony alilikabili tatizo hili mwaka 1993. Jibu lake, kwa maneno yangu, ni kwamba kuegemea upande si kosa lenyewe. Kuna kuegemea kunakokupeleka kwenye ukweli na kuna kunakokupotosha, na tofauti inajulikana kwa kuchunguza matokeo. Kwa gunia letu jibu hili linatosha. Kwa mambo yasiyo na mizani, kama heshima ndani ya ndoa, kazi ni ngumu zaidi.

La pili, mnyonge yupi? Mwanazuoni Susan Hekman, mwaka 1997, aliwabana wananadharia kwa swali hili. Mkulima anapunjwa na mnunuzi, lakini huenda fedha ikiingia ni mume anayeipokea, na kibarua aliyevuna halipwi kwa debe za ziada. “Wakulima” si jicho moja. Ukigawanya makundi bila kikomo unabaki na mtu mmoja mmoja, na nadharia ya makundi inayeyuka.

La tatu linatoka kwa Uma Narayan, mwanafalsafa kutoka India, mwaka 1989. Kuishi kati ya dunia mbili kunaweza kukupa macho mawili, lakini kunaweza pia kukuchanganya, kukunyamazisha au kukufanya uchague dunia moja na kuikana nyingine. Nami naongeza kwamba ukandamizaji hunyima maarifa. Mama anajua debe zilizopotea, hajui bei ya Dar es Salaam wala ushuru unavyohesabiwa. Bila hayo anajua kwamba anapunjwa lakini hawezi kueleza kwa nini lumbesa inamlipa mnunuzi. Hapo dalali anamzidi.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tukuyu: Shikamoo mwalimu. Kama mkulima akiipinga nadharia yenu, mtasema “hajapata msimamo”. Akiikubali, “amepata”. Itashindwa lini?

Marahaba. Hilo ndilo pigo zito kuliko yote, na sijaona jibu linalolimaliza kabisa. Wakati wote mtu akitumia “hajaamka” kumnyamazisha anayepingana naye, nadharia imeacha kuwa maarifa. Kinga ninayoiamini ni kutaja mapema jambo ambalo msimamo unatabiri, halafu kukubali kushindwa. Mkulima anayesema lumbesa haimpunji anaweza kuwa na sababu: labda bei ya lumbesa ilipandishwa tangu mwanzo kufidia debe za ziada. Linganisha bei kwa kilo shambani kwake na pale wanapouza kwa mizani. Zikilingana, yeye yuko sahihi na sisi tumekosea.

Mwanachama wa Makambako: Mimi ni dalali. Ina maana maneno yangu hayana thamani?

Hapana, ndugu yangu. Wewe unajua gharama za njiani kuliko sisi wote, na umetoka kwenye familia ya wakulima kama wengine hapa. Nadharia inasema tu kwamba kuna mambo ambayo kazi yako haikulazimishi kuyaona, na mengine ambayo kipato chako kinakuhimiza usiyaulize. Ukiyauliza, utayaona. Mwanaume anaweza kuufikia msimamo wa wanawake, na mwenye mali ule wa wafanyakazi, ingawa kwa jasho zaidi.

Mwanachama wa Mafinga: Kwenye vikao vya kijiji tukimkaribisha mama mmoja aseme kwa niaba ya wanawake wote, tumetimiza?

Bado. Mwanafalsafa Olúfẹ́mi O. Táíwò, mwaka 2020, alionya kuhusu tabia ya kumwachia neno yule aliyemo chumbani kana kwamba anawabeba wote wasiomo. Anayefika kikaoni mara nyingi ana ahueni kuliko aliyebaki shambani. Msikilizeni, muulizeni maswali magumu kama mnavyoulizana ninyi, kisha mwende kwa waliobaki.

Mwanachama wa Uyole: Nataka kuandika utafiti wangu wa chuo juu ya viazi. Nianzie kwa nani?

Anza na wanaojaza na wanaobeba, kabla hujaandika dodoso. Waulize wanahesabu kwa kipimo gani, wala usiwatafsirie kuwa gunia. Andika dodoso kutokana na vipimo hivyo, ulipeleke kwa wakulima, madalali na maafisa wa ushuru, na uwe na mizani yako mwenyewe. Kila panapotofautiana masimulizi na mizani, andika yote mawili na umrudie msimuliaji umuulize kwa nini. Debe pia zina ujazo tofauti, kwa hiyo pima debe lenyewe kwanza.