Mteja akisema "futeni chati zangu": hatua kwa duka la mtandaoni Kenya

Tuchukue duka la viatu Nairobi linalopokea oda kwa WhatsApp, chati zote zikihifadhiwa katika PostgreSQL. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaji chati zikae miezi mingapi. Inakataza tu kukaa na data kupita muda inaohitajika, kwa hiyo muda utaupanga wewe na uweze kuutetea.

1. Tenganisha mauzo na chati. Kazi kubwa iko hapa. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5, na kwa sababu hiyo wengi hutunza chati nzima miaka hiyo yote, hata ile ambayo mteja ameeleza vidonda vya miguu vya mama yake. KRA haina haja na vidonda hivyo. Hamishia bidhaa, kiasi, tarehe na nambari ya muamala wa M-Pesa kwenye jedwali la mauzo.

2. Weka muda. Aliyeuliza bei tu, mimi humwekea siku 90 tangu chati ifungwe. Aliyenunua, hadi muda wa kurudisha bidhaa au wa dhamana uishe. Chati yenye mgogoro iwekee alama isifutwe na mfumo kabla mgogoro haujaisha.

3. Ombi likifika, hesabu siku 14. Ndio muda wa kujibu kwa mujibu wa kanuni za 2021. Likija kupitia nambari ileile iliyonunulia, tayari umemtambua mteja. Likija kwa barua pepe, tuma msimbo kwenye nambari hiyo. Usidai picha ya kitambulisho, maana utakuwa unakusanya data mpya kwa mtu anayetaka ya zamani ifutwe.

4. Tafuta kwa tarakimu 9 za mwisho. Nambari moja huandikwa 07…, 2547… au +254 7…, na ukitafuta kwa umbo moja utaacha chati nyingine.

```sql
SELECT id FROM chati
WHERE right(regexp_replace(simu, '\D', '', 'g'), 9)
      = '7XXXXXXXX';
```

Kisha angalia picha zilizotumwa, na simu za wahudumu: wengi hupiga picha ya skrini na kuirusha kwenye grupu la kazini.

5. Jihadhari na bakapu. Chati iliyofutwa hurudi bakapu ya zamani inaporejeshwa. Tunza mahali pengine orodha ya `id` zilizofutwa, bila jina wala simu, na uipitishe tena kila baada ya kurejesha.

6. Mjibu kwa tarehe. Ombi la Machi 3 lijibiwe kufikia Machi 17. Ukifuta Machi 10 na bakapu zako hukaa siku 30, mwandikie: "Chati zako zimefutwa leo. Katika bakapu zitaisha Aprili 9. Tumebaki na rekodi ya malipo pekee, kwa ajili ya kodi."