Sakafu ya bei ya dhahabu: namna ya kuikokotoa kutoka kwenye taarifa za migodi

Kwa masonara wa Lamu na Malindi utasikia hoja hii kila bei inapoyumba: dhahabu haiwezi kushuka chini ya gharama ya kuichimba, kwa hiyo anayeweka akiba ya bangili ana sakafu chini ya miguu yake. Hoja ina ukweli ndani yake, lakini wengi huishika sakafu isiyo sahihi. Fuata hatua hizi ukiwa na taarifa ya mwaka ya kampuni ya madini na karatasi ya hesabu, ya simu au ya daftari.

Hatua ya 1: Tafuta namba sahihi

Kwenye taarifa utakuta namba kadhaa za gharama. Unayoitaka huandikwa kwa herufi AISC, nayo ni gharama ya kuendesha mgodi na kuuweka hai. Baraza la Dhahabu Duniani liliweka utaratibu wake mwaka 2013 na kuurekebisha 2018. Kabla ya hapo kampuni nyingi zilitangaza gharama ya fedha taslimu tu, wawekezaji wakashangaa kwa nini mgodi unaochimba wakia kwa dola 600 hauna faida dhahabu ikiuzwa 1,600.

Ndani yake mna kuchimba na kuchenjua, usimamizi wa mgodi, mrabaha wa serikali, ofisi kuu, utafutaji wa kudumisha akiba ya mgodi, gharama ya kurudisha ardhi, na mtaji wa kudumisha: malori mapya badala ya yaliyochakaa, mahandaki mapya, kufukua mwamba usio na dhahabu ili kufikia wenye dhahabu. Mapato ya shaba au fedha iliyotoka pamoja na dhahabu hutolewa. Jumla hugawanywa kwa wakia zilizouzwa. Kodi ya mapato, riba ya mikopo na gharama ya kujenga mgodi mpya hazimo, zikumbuke, tutazirudia.

Hatua ya 2: Ijenge upya kwa mkono

Chukua mgodi wa mfano Tanzania, ambako mrabaha wa dhahabu ni 6% na ada ya ukaguzi 1%. Unauza wakia 100,000 kwa mwaka, bei ikiwa dola 2,400. Kwa milioni za dola: uendeshaji wa mgodi 95, mrabaha na ada 16.8, mapato ya shaba 8, ofisi kuu 6, mtaji wa kudumisha 30, utafutaji na urudishaji ardhi 4. Ziweke kwa mpangilio huo kuanzia B2 hadi B7, na wakia (kwa milioni, 0.1) kwenye B8:

```
=(B2+B3-B4+B5+B6+B7)/B8
```

Jibu ni dola 1,438 kwa wakia. Hapa ndipo wengi husimama na kusema sakafu ni 1,438. Endelea.

Hatua ya 3: Shusha bei, kisha uliza meneja wa mgodi atafanya nini

Ishushe bei hadi 1,600. Mrabaha unashuka wenyewe, kwa kuwa ni asilimia ya bei: kutoka dola 168 kwa wakia hadi 112. Hili la kwanza tayari linaonyesha kwamba gharama haisimami peke yake. Sehemu yake imefungwa kwenye bei ileile inayodaiwa kuizuia.

La pili ni kubwa zaidi. Mgodi huu unasaga takriban tani milioni 1.73 za mawe yenye gramu 2.0 kwa tani, na kupata 90% ya dhahabu iliyomo. Bei ikiwa mbaya, meneja huyaacha mawe maskini na kupeleka kinuni yale tajiri. Gramu zikipanda hadi 2.3 kwa tani, kinu kilekile, kwa umeme na wafanyakazi walewale, kinatoa wakia 115,000. Kisha anaahirisha malori na mahandaki: mtaji wa kudumisha unatoka 30 hadi 20. Ofisi kuu inabaki na 5, utafutaji na urudishaji 3. Mrabaha sasa ni milioni 12.88. Kokotoa tena: jumla milioni 127.88, sawa na dola 1,112 kwa wakia.

Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa, na ile "sakafu" imeshuka kwa zaidi ya dola 300. Kwenye dunia halisi mafuta ya dizeli na sarafu za nchi zenye migodi zikishuka pia, huongeza mteremko.

Angalia kampuni ya madini ya Barrick: AISC yake ilikuwa dola 915 mwaka 2013, na kufikia 2016 ikawa 730. Mwaka 2013 wachambuzi wengi walisema 1,200 ndiyo sakafu ya dhahabu; Desemba 2015 wakia ilikuwa karibu 1,050, na uzalishaji wa dunia haukuwa umepungua. Bei ilipopanda, gharama iliifuata juu: 2024 Barrick iliripoti 1,484.

Punguzo la namna hii lina deni, na linaonekana ukilitafuta. Linganisha gramu kwa tani zinazosagwa na gramu kwa tani za akiba iliyobaki. Zinazosagwa zikizidi sana kwa miaka mfululizo, mgodi unakula nyama na kuacha mifupa, na AISC nzuri ya leo ni AISC mbaya ya kesho.

Hatua ya 4: Tenganisha sakafu mbili

Sakafu ya muda mfupi ni gharama ambayo ingetoweka mgodi ukifungwa kesho: uendeshaji na mrabaha, toa mapato ya shaba. Kwa mgodi wetu ni milioni 99.88 kwa wakia 115,000, yaani dola 869. Juu ya hapo mgodi huendelea kuchimba hata ukipata hasara kwenye vitabu. Hata chini kidogo utaendelea, maana kufunga kuna malipo ya wafanyakazi, maji ya kupampu na walinzi.

Sakafu ya muda mrefu iko juu ya AISC. Mgodi mpya uliojengwa kwa milioni 500 na kutoa wakia 100,000 kwa miaka 10 unaongeza dola 500 kwa wakia kabla ya kodi, riba na faida. Kwa hesabu ya kwanza hiyo ni 1,938. Bei ikikaa chini ya hapo, hakuna anayejenga, na migodi ya zamani inaisha bila warithi. Lakini hilo huchukua miaka mingi, na kwa dhahabu linabana polepole kuliko kwa shaba: dhahabu iliyokwisha chimbwa ni zaidi ya tani 200,000, ikiwemo iliyomo masandukuni Lamu, wakati migodi hutoa takriban tani 3,600 kwa mwaka. Wenye dhahabu wakiamua kuuza, wanauza bila kuuliza mgodi umetumia kiasi gani.

Hatua ya 5: Igeuze kuwa shilingi kwa gramu

Gawanya kwa 31.1035, ambazo ni gramu za wakia moja, zidisha kwa 0.9167 kwa karati 22, kisha kwa bei ya dola. Dola 1,112, kwa shilingi za Kenya 129 kwa dola, ni takriban shilingi 4,230 kwa gramu, bila ufundi wa sonara. Dola ilipokuwa karibu 160 mapema 2024, sakafu ileile ingesomeka 5,240. Kwa hiyo fanya hesabu zote kwa dola kwanza. Ukizifanya kwa shilingi tangu mwanzo, mwendo wa sarafu utauona kama mwendo wa migodi.