Jinsi ya kuomba tafsiri rasmi ya ankara kwenda Omani bila kukosea kiasi kilichoandikwa kwa maneno

Mzigo unaopelekwa Omani hupitia forodha ya Polisi ya Kifalme ya Omani, na nyaraka zake huwekwa kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao Bayan. Ukiambiwa uambatanishe tafsiri ya Kiarabu ya ankara, iwe ni forodha, benki au mnunuzi anayeitaka, tafuta ofisi ya tafsiri yenye leseni. Ofisi hiyo itaweka muhuri, lakini hesabu ni zako.

Kwanza tayarisha faili la maombi: ankara yenyewe, orodha ya vifurushi na cheti cha asili ya bidhaa. Hakikisha idadi ya magunia, uzito na jina la mnunuzi ni yale yale katika zote tatu. Andika pia kwa Kiswahili au Kiingereza kiasi cha jumla kwa maneno, ili mfasiri asikisie. Riali ya Omani ina baisa 1,000, kwa hiyo baada ya nukta huwa kuna tarakimu tatu. Mtu aliyezoea senti anaweza kuona 12.500 akasoma elfu kumi na mbili na mia tano, kumbe ni riali 12 na baisa 500.

Tuchukue magunia 15 ya kahawa, kila moja riali 154.347. Jumla ni riali 2,315.205. Tarakimu ukizipiga chapa haziwezi kukosea nahau. Kazi iko kwenye mstari wa maneno, ambao Waarabu huuita tafkiti kwa sababu huanza na "fakat", yaani tu.

Usiuandike mstari huo wote kwa mkupuo. Anza na swali moja: umoja wa kitu kinachohesabiwa ni wa kiume au wa kike? Riyal ni wa kiume, baisa ni wa kike. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa wingi wake, riyalat na baisat, yote huishia na -at na kuonekana ya kike. Wingi usikudanganye, jinsia hutazamwa kwenye umoja.

Kuanzia 3 hadi 10 nambari huchukua jinsia iliyo kinyume na kitu, na kitu huwa wingi. Riali tano ni khamsatu riyalatin, baisa tano ni khamsu baisatin. Kitu cha kiume kimepata nambari yenye alama ya kike, na cha kike kimenyimwa. Kutoka 13 hadi 19 sehemu ya kwanza hupingana na kitu, "kumi" hukubaliana nacho, na kitu hurudi umoja: khamsata ashara riyalan, lakini khamsa ashrata baisatan. Nambari 11 na 12 hazipingani kabisa, sehemu zote mbili hufuata kitu. Makumi kama ishirini hayabadiliki kwa jinsia. Mia na elfu kamili huhitaji umoja pia: miatu riyalin, alfu riyalin.

Nambari ikiwa ndefu, tazama sehemu yake ya mwisho tu, ndiyo inayoamua umbo la kitu. Kwenye 2,315 mwisho ni 15, kwa hiyo riyalan, umoja. Kwenye 205 mwisho ni 5, kwa hiyo baisatin, wingi, na nambari bila alama ya kike. Mstari mzima unakuwa hivi:

Fakat alfani wa thalathumiatin wa khamsata ashara riyalan umaniyyan wa miatani wa khamsu baisatin la ghair.

"La ghair" ya mwisho huzuia mtu kuongeza kitu baada yake. Magunia nayo yanafuata kanuni ile ile: kis ni wa kiume, basi khamsata ashara kisan. Lau kiasi kingekuwa baisa 200 kamili, miatani ingepoteza herufi nuni yake na kuwa miata baisatin, na hapo baisatin ni umoja.

Tafsiri ikirudi, usitafute irabu, kwani kwenye ankara hazichapwi. Angalia yanayoonekana: tamarbuta, yaani ile herufi ya alama ya kike, mwishoni mwa khamsata, alifu mwishoni mwa riyalan, na nambari isiyo na tamarbuta kabla ya baisat. Tarakimu zikiwa za Kiarabu, tano huandikwa kama kiduara na sifuri ni nukta, hivyo 205 iliyofifia kwenye nakala husomwa 200 kirahisi. Rudia kuzidisha: 15 kwa 154.347.

Ukiona kosa baada ya muhuri, usilisahihishe kwa kalamu. Rudisha nakala nzima ofisini waiandike upya na kuipiga muhuri tena, kisha upandishe hiyo mpya tu kwenye mfumo.