Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, subiri kwanza mwezi wa saba: ninavyoosha viyoyozi wikiendi hapa Dar

Wakuu, mi ni mtunza stoo, mshahara 750,000, nikikatwa NSSF na kodi naondoka na kama 620,000. Mwaka wa tatu sasa wikiendi naosha viyoyozi, na mwaka wa kwanza nusura niache kazi kwa hesabu za mwezi wa pili, hivo naandika nilivyopima.

Hatua ya 1, jifunze kipande kimoja tu. Nilimfuata fundi Jumamosi nane namshikia ngazi, nikachukua kuosha peke yake, gesi na umeme sikugusa. Unazima breka, unatoa machujio unayaosha na sabuni unayaanika kivulini, unafunika ubao wa umeme na nailoni, unapiga koili ya ndani maji kwa pampu ya mkono, alafu unazibua bomba la kutolea maji, hapo ndo usiharakishe maana mashine nyingi zinazodondosha maji chumbani ni bomba limeziba utelezi tu. Mashine ya nje maji ya taratibu, ukipiga presha kubwa mapezi ya koili yanalala na hewa haipiti tena.

Ukimaliza iwashe robo saa, pima na kipimajoto hewa inayoingia na inayotoka, tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 hivi mteja unamuaga. Tofauti ikiwa ndogo au bomba linaganda barafu wakati umeshaosha, mara nyingi ni gesi, mwite fundi wako, usijaribu mwenyewe.

Hatua ya 2, chaji bei kamili kuanzia mteja wa kwanza, hata kama ni shemeji. Mi nilianza na 30,000 kwa mashine. Watu kumi na moja ofisini walisema "ukianza tu niambie", nilipotaja bei walioniita ni wawili. Hao wawili ndo soko, wale tisa walikua wananipa moyo na nawashukuru, ila usiwahesabu. Na ukiosha bure hutajua kama mtu anataka huduma au anataka cha bure.

Hatua ya 3, daftari. Mistari minne tu inatosha: nani kapiga, kanipata kupitia nani, kimebaki shilingi ngapi baada ya gharama, na huu wa nne watu wengi wanauacha, kazi niliyoikataa kwa sababu nilikua kazini. Huo mstari ndo unaokwambia ukiacha ajira utapata nini zaidi, kwa sababu kazi za wikiendi tayari unazifanya, kuacha kazi kunakuongezea zile za Jumatatu mpaka Ijumaa tu.

Daftari langu la mwaka wa kwanza liko hivi. Kwenye 30,000 natoa bodaboda 4,000, dogo wa kunisaidia 5,000, sabuni na nailoni 1,000, inabaki 20,000. Mwezi wa pili, joto la Dar mnalijua, niliosha mashine 14 nikabaki na 280,000 na nikakataa 9, nikajiona tajiri kabisa. Mwezi wa saba watu wanalala na feni au madirisha wazi, nikaosha 5, nikakataa 1. Yaani hata ningekua nje ya kazi mwezi mzima ningepata mashine 6, sawa na 120,000, na kodi ya nyumba haijui kama kuna baridi.

Hatua ya 4, tafuta namba yako. Mi 620,000 gawa kwa 20,000 ni mashine 31. Ongeza ile asilimia 10 mwajiri anayonichangia NSSF, 75,000, ni karibu mashine 4 nyingine, jumla 35, na hapo bima ya afya ya familia bado sijaigusa. Hiyo 35 ifikiwe mwezi wa saba, sio wa pili.

Hatua ya 5, mtafute mteja asiyejali msimu. Kwangu ilikua nyumba ya wageni yenye vyumba 12, mwenyewe alikua amechoka wageni kulalamika harufu, tukakubaliana kila mwezi naosha vyumba vinne hivo kila chumba kinafikiwa mara moja kwa miezi mitatu. Nilimpunguzia mpaka 25,000 kwa sababu vyote viko sehemu moja, bodaboda nalipa mara moja, kinachobaki kwa mashine ni 18,000, kimepungua kidogo tu. Nikapata na duka la dawa na kasaluni kamoja kwa mtindo huohuo, na wenyewe wananipigia tarehe ikifika bila mi kuwakumbusha.

Kabla ya yote soma mkataba wako wa ajira, kuna unaokataza kazi ya pembeni mpaka uombe ruhusa kwa maandishi. Mi niliomba, wakanipa kwa sharti nisitumie muda wala vifaa vyao, ndo maana simu za saa nne asubuhi sipokei, naziandika tu kwenye mstari wa nne mchana.

Mwezi wa saba uliopita, nilizoosha jumlisha nilizokataa zilifika 19. Bado niko stoo.