SOMO: Mji wa baadaye kwenye hadithi ya sayansi huanza na uzito wa maji

Naandika mara moja ili nisijibu tena. Kila anayeanza hadithi ya mji wa miaka 200 ijayo huniuliza kama magari yake yapae. Hilo ni swali la mwisho. Kwanza ujue maji yanafikaje jikoni kwa mhusika wako.

Tutumie mfano mmoja: mji wa watu milioni 1 kwenye pwani kame. Bandari iko chini, makazi yako kwenye mteremko unaopanda hadi mita 200.

Hatua ya 1. Chagua chanzo cha maji. Hapa ni bahari.

Hatua ya 2. Kadiria matumizi ya nyumbani. Chukua lita 100 kwa mtu kwa siku. Cape Town ilipobanwa na ukame mwaka 2018 kikomo kilishushwa hadi lita 50, kwa hiyo 100 si anasa. Mji mzima unahitaji tani 100,000 kila siku.

Hatua ya 3. Yalipie umeme. Mitambo ya leo inayosukuma maji ya bahari kupitia utando hula kama uniti 3.5 kwa kila tani ya maji matamu. Kuipandisha tani hiyo mita 200 ni uniti 0.55 kwa hesabu ya fizikia, sema 0.7 ukiweka upotevu wa pampu. Jumla ni 4.2, yaani uniti 0.42 kwa mtu kwa siku. Ni kidogo mno! Kama mji wako una umeme wa kutosha, watu hawatauana kwa sababu ya kikombe cha maji. Watauana kwa sababu ya anayeshika funguo za pampu, na hiyo ni hadithi nyingine, tena nzuri zaidi.

Hatua ya 4. Usisahau shamba. Kulisha mtu mmoja hutumia maelfu ya lita kwa siku, maana kilo moja tu ya ngano hunywa kama lita 1,500. Ukimwagilia kwa maji ya bahari yaliyosafishwa, bili ya 0.42 inaruka kupita uniti 10. Ndiyo maana mji huu hulima mboga na kuagiza nafaka kwa meli. Meli ya nafaka ni meli ya maji yaliyokwisha kutumika kwingine. Hapo umepata bandari, umepata reli ya mizigo, na umepata adui anayeweza kufunga mlango wa bahari.

Hatua ya 5. Presha. Hapa ndipo miji mingi ya hadithi inapopasuka, kwa maana halisi ya neno. Kila mita 10 za kimo cha maji huongeza takriban bar 1. Ukiweka tangi moja kubwa kileleni na kushusha bomba moja hadi bandarini, bomba la chini linapata bar 20. Mabomba ya nyumbani na vifaa vyake hutaka kama bar 3 hadi 6. Valvu zinavuja, viungio vinaachia, na aliye chini anafungua bomba linalomrushia sinki usoni. Wakati huohuo, aliye usawa wa tangi anapata matone.

Dawa yake ni kuukata mji kwa mikanda ya mwinuko, kila mkanda kama mita 50, na kila mkanda na tangi lake. Mji wetu unapata mikanda minne. Sasa angalia kinachotokea kwa watu. Mtaa haugawanywi tena na barabara, unagawanywa na tangi. Majirani wawili waliotenganishwa na ngazi tu wanaweza kuwa mikanda tofauti: mmoja ana maji, mwenzake hana. Pampu ya mkanda wa nne ikifa, wa kwanza hawajui mpaka wasikie kelele.

Tahadhari mbili. Usiweke minara mirefu bila pampu na matangi ndani yake, kwa sababu ghorofa ya 60 ni mlima mwingine. Na usimfanye fundi wako afunge valvu kubwa kwa kishindo: maji yaliyokuwa yakikimbia hupiga bomba kwa wimbi la presha na kulipasua mbali na pale aliposimama. Fundi mzoefu hufunga polepole. Mhujumu mzoefu hufanya kinyume.

Hatua ya 6. Panga saa. Umeme wa jua hufika kileleni mchana, nao watu hupanda kurudi nyumbani jioni, jua likizama. Treni na pampu zitagombania umeme uleule. Jibu rahisi ni kujaza matangi mchana na kuzima pampu za kupandisha jioni. Akiba ya siku nzima, tani 100,000, inaenea kwenye hekta 2 kwa kina cha mita 5, ukiigawa kwa mikanda. Ila mtambo wa kutoa chumvi wenyewe usiuzime ovyo. Tando hazipendi kuwashwa na kuzimwa; usiku upunguze kasi tu.

Hatua ya 7. Usafiri wa watu. Watu wengi huvumilia kama saa moja ya safari kwa siku, kwenda na kurudi. Kwa miguu tambarare hiyo ni kilomita 2.5 kila upande. Kwenye mteremko ni pungufu, kwa hiyo weka lifti za mshazari kati ya mikanda.

---

MASWALI

Kalamu_Kavu: Mkuu, somo zuri. Sasa magari yapae au yasipae?

Jibu: Soma hatua ya 6, kisha uniambie umeme wa kupaa jioni unautoa wapi.

Bwana_Nyota: Mimi mji wangu una fyuzheni, umeme ni bure. Hesabu zote hizi za nini?

Jibu: Umeme wa bure haupunguzi presha kwenye bomba. Haufanyi maji machafu yatoweke. Na mtambo wa bahari hutoa maji matamu chini ya nusu ya yanayoingia; kupata tani 100,000 unarudisha baharini zaidi ya 100,000 zenye chumvi karibu mara mbili. Yamwage kwenye ghuba tulivu, yatazama chini na kuua viumbe wa sakafuni. Wavuvi wako wanasemaje? Umewauliza?

Binti_Ramani: Maji machafu yanateremka yenyewe hadi bandarini. Je, tukiyasafisha hapohapo juu yanakotumika, si tutaokoa gharama ya kuyapandisha tena?

Jibu: Naam, umeona nilichokiruka. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, wamekuwa wakirudisha maji yaliyosafishwa kwenye bomba la kunywa tangu 1968, na kuyasafisha hula chini ya nusu ya umeme wa kutoa chumvi. Weka mtambo mdogo kila mkanda, bahari ifidie upotevu tu. Lakini angalia mitaa: mkanda wa juu ukijitosheleza, kwa nini uendelee kuchangia pampu za chini? Hapo una siasa ya sura tatu nzima. Na chumvi hujilimbikiza kila mzunguko, kwa hiyo lazima sehemu fulani imwagwe. Hakuna mkanda unaojitenga kabisa.

Kalamu_Kavu: Ramani naanza kuchora wapi?

Jibu: Mistari ya mwinuko kwanza. Barabara baadaye.

Mzee_wa_Sayari: Wangu uko Mirihi, chini ya kuba. Mikanda inabaki mita 50?

Jibu: Swali tamu. Mvutano wa Mirihi ni kama 0.38 ya wa dunia, kwa hiyo presha ya mita 50 za hapa inapatikana huko kwa mita 130 hivi. Kupandisha maji nako kunashuka kwa kiwango hichohicho, hivyo minara mirefu ni rahisi zaidi. Wimbi la presha kwenye valvu halishuki, maana linatokana na mwendo wa maji, si uzito wake. Mhujumu wako bado ana kazi.