SOMO: Gemu inaganda kila faili zinapopanda wingu? Kata kasi ya kupakia

Swali hili linaulizwa kila wiki, kwa hiyo naliandika mara moja. Ni kwa wenye Windows na OneDrive.

1. Fungua Command Prompt, andika amri hii, iache iende huku unacheza:

```
ping -t 1.1.1.1
```

2. Fungua Resource Monitor, kichupo cha Network, panga kwa safu ya Send. Anayetuma kuliko wote yuko juu.

3. Bofya kulia alama ya OneDrive, chagua Pause syncing. Pingi ikishuka papo hapo, umempata mhusika.

4. Sasa dawa ya kudumu, maana Pause huisha yenyewe, hata katikati ya mechi. Kwenye mipangilio ya OneDrive tafuta Limit upload rate. Hapa ndipo wengi wanaharibu: laini yako inapimwa kwa megabiti, kisanduku kile kinataka kilobaiti. Gawanya kwa 8. Laini inayopakia megabiti 2 kwa sekunde inabeba kilobaiti 250 tu, kwa hiyo andika 125, nusu yake. Ukiandika 1000 hujazuia kitu. Gemu yenyewe hutuma kidogo sana, lakini pakiti zake hupanga foleni nyuma ya faili zako ndani ya rauta. Foleni ya kilobaiti 256 kwenye laini hiyo ni kama sekunde nzima ya kusubiri, na ndiyo maana adui anakupiga kabla hujamwona.

Tahadhari: usifute faili kwenye folda ya OneDrive ukidhani unapunguza mzigo. Zinafutika na kwenye wingu.

Swali: Mkuu nimefunga dirisha la OneDrive, bado inaganda. Nifanyeje?

Jibu: Kufunga dirisha hakusimamishi chochote. Hatua ya 3.

Swali: Spidi yangu ya kupakua ni megabiti 40, haiwezi kuwa hiyo.

Jibu: Nimeandika kupakia. Pima upande huo kwanza.

Swali: Asante kwa somo. Nimeona svchost.exe ndiyo inatuma sana, OneDrive imetulia. Windows inapakia nini wakati masasisho yanashushwa?

Jibu: Umeangalia vizuri. Windows inaweza kugawa vipande vya masasisho kwa kompyuta nyingine, hata za nje kwenye intaneti. Nenda Windows Update, Advanced options, Delivery Optimization, uzime ruhusa ya kompyuta nyingine. Usizime huduma ya Windows Update yenyewe, utakosa viraka vya usalama. Kama svchost.exe bado inatuma baada ya hapo, rudi na picha ya skrini tuangalie pamoja.

Swali: Na kama kwenye kompyuta kote kumetulia lakini pingi bado inaruka?

Jibu: Piga pingi kwa rauta yako. Ikiruka hata hapo, tatizo ni wifi, jaribu waya. Ikitulia, angalia simu za nyumbani: zinapohifadhi picha na video kwenye wingu, zinatumia upakiaji uleule.